Faili la PDF linafunguka jeupe? Kabla hujafuta programu, soma hapa

Leo naleta somo lililonigharimu usingizi wa usiku mmoja, na nusura linigharimu oda ya sweta 120 za shule.

Mimi nashona sare. Ijumaa jioni dada wa ofisi ya shule moja alinitumia oda kwa WhatsApp, faili la PDF. Akasema, "Kaka, tunahitaji profoma yako kabla ya Jumatatu saa nne, la sivyo mkuu anampa mwingine." Nafungua: karatasi nyeupe. Hakuna hata herufi moja.

Nikafanya kosa ambalo wengi tunalifanya. Nikafuta programu ya kusomea, nikapakua nyingine, nikazima simu na kuiwasha. Bando likaisha na karatasi ikabaki nyeupe.

Kumbe karatasi nyeupe ni dalili tu, kama homa. Magonjwa yako zaidi ya moja, na kila moja lina dawa yake. Katika oda ile ile nilikutana na matatu.

1. Faili halikufika lote

Kwanza jaribu faili jingine la PDF ambalo jana lilifunguka. Likifunguka vizuri, programu yako haina kosa. Mimi nilifungua risiti ya zamani ikasomeka, nikajua shida iko kwenye faili lenyewe.

Pili, angalia uzito wa faili. Bonyeza jina lake kwa muda, fungua maelezo, utaona KB au MB. La kwangu lilikuwa KB 210. Nikamwomba dada alitume tena. Akalituma mara tatu, na mara zote likaja KB 210, jeupe vile vile.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali lililotusaidia: "Dada, wewe mwenyewe ukilifungua kwenye simu yako unaona nini?" Akajibu, "Hata mimi sioni kitu, nilidhani ni simu yangu." Mhasibu alikuwa amemtumia kwa barua pepe, mtandao ukakatika katikati ya kupakua. Simu yake ikahifadhi kipande, na kipande hicho ndicho alichokuwa akinirushia. Kutuma tena nakala mbovu hakuiponyi. Kwenye kompyuta ya mhasibu faili halisi lilikuwa KB 640.

Kwa nini kipande hakisomeki hata nusu? PDF kwa kawaida huweka orodha ya vilivyomo mwishoni mwake, kama kitabu chenye faharasa ukurasa wa mwisho. Mwisho ukikatika, programu haijui ukurasa upi uko wapi. Nyingine hukataa kufungua kabisa, nyingine huunga vipande vilivyopo na kukuonyesha karatasi tupu. Kwa hiyo usitafute programu ya kutengeneza faili. Sehemu ambayo haikufika haiwezi kutengenezwa. Omba faili kutoka kwa aliyeliandika, na mlinganishe KB zenu.

2. Faili limefungwa kwa nywila

Jumamosi mhasibu akanitumia lile la KB 640. Nikaligusa ndani ya barua pepe: jeupe tena! Safari hii sikukimbilia kulalamika. Uzito ulilingana na wa kwake, kwa hiyo faili lilikuwa zima. Nikalihifadhi kwenye simu, kisha nikalifungua kwa programu kamili ya kusomea PDF. Papo hapo likatokea dirisha la kuomba nywila, yaani pasiwedi.

Faili lenye nywila ya kufungulia limefumbwa maandishi yake yote. Lile dirisha dogo la kuchungulia ndani ya barua pepe wakati mwingine halijui kuomba nywila, linakuonyesha weupe tu. Nikampigia mhasibu, akanitajia nywila. Ikakataa mara mbili, kumbe niliandika herufi ya kwanza ndogo badala ya kubwa. Nywila inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Hapa nina onyo moja. Usipeleke faili la mteja kwenye tovuti zinazoahidi kufungua PDF bure. Mle ndani mna namba ya akaunti, bei na majina, na ukishalipakia hujui limebaki kwa nani. Mwenye faili anayo nywila, mpigie.

Ukikutana na faili linalofunguka na kusomeka lakini linakataa kuchapwa au kunakiliwa, hiyo ni nywila ya aina nyingine, ya kuzuia matumizi. Halijaharibika. Mwombe mwenyewe nakala isiyo na kizuizi hicho.

3. Fonti haikusafiri na faili

Nikaandaa profoma: sweta 120 kwa shilingi 18,500, jumla 2,220,000. Tarakimu nikaziandika kwa fonti ya urembo niliyoipakua, nikatoa PDF kwa programu yangu ya zamani ya ankara. Kwangu ikaonekana safi, nikaituma Jumapili usiku.

Jumatatu saa mbili simu ikalia. "Kaka, mbona hujaweka bei?" Jedwali aliliona, jina la duka aliliona, lakini safu ya bei na jumla vilikuwa weupe mtupu.

Fonti ni umbo la herufi. PDF nzuri hubeba fonti ndani yake. Isipobeba, simu ya mpokeaji hutafuta fonti hiyo kwake, ikikosa huweka inayofanana, na mara nyingine huweka vijisanduku au nafasi tupu. Dalili yake ni hii: mistari na baadhi ya maneno yanaonekana, ila maandishi ya aina moja tu yametoweka. Na kwako huwezi kuona kosa, kwa sababu fonti unayo kwenye kompyuta yako.

Nilichofanya: nikaiandika upya kwenye Word kwa fonti ya kawaida. Wakati wa kuhifadhi kama PDF, nikabonyeza Options na kuweka tiki kwenye PDF/A. Huo ni mtindo wa PDF unaodai fonti zote ziwe ndani ya faili. Kisha nikakagua kwa Adobe Reader kwenye kompyuta: File, halafu Properties, halafu Fonts. Kila fonti iwe na maneno Embedded au Embedded Subset mbele yake. Isiyo nayo ndiyo itakayokuaibisha kwa mteja.

Ilifika kwa dada saa tatu na dakika arobaini. Nikamwomba aifungue nikiwa bado kwenye simu na anisomee jumla. Aliposema "milioni mbili, laki mbili na ishirini elfu", ndipo nikakata simu. Oda nilipata.

Tangu siku hiyo situmi profoma kabla ya kuifungua kwenye simu ya mke wangu, ambayo haina fonti zangu wala programu zangu. Akisoma bei zote, na mteja naye atazisoma.

Na nikipokea karatasi nyeupe nafuata mpangilio huu: nafungua faili jingine, nauliza KB za mtumaji, nahifadhi na kufungua kwa programu kamili. Ni dakika tano tu.

Mtumie mwenzako anayepokea oda kwa simu. Kama faili lako lina dalili tofauti na hizi, eleza kwenye komenti unaona nini na lina KB ngapi, lakini usiweke faili la mteja hapa.