Tiki kwa Tiki: Vidokezo 6 vya Kujua Faili la Lori Limefika Asilimia Ngapi

Ukifanya kazi kwenye ofisi ya klaring Malaba au Busia, simu ya mwenye mzigo unaijua: "Gari langu limefika wapi?" Wakati huo foleni imenyooka, dereva mwingine amesimama mlangoni na karatasi mkononi, na wewe unataka jibu la neno moja. Hili hapa: asilimia. Fungua Excel au Google Sheets, tuipange pamoja kabla chai haijapoa.

1. Lori moja, mstari mmoja

Safu A weka namba ya gari, B weka mwenye mzigo, kisha kazi zako zipange kuanzia C hadi H: Hati, Ushuru, Bima, Mizani, Sili, Geti. Bima hapa ni ile Yelo Kadi ya COMESA. Kila kazi ikiisha, piga tiki. Mwisho wa mstari, kwenye I2, andika:

```
=COUNTIF(C2:H2,"✓")/COLUMNS(C2:H2)
```

COUNTIF inahesabu tiki, COLUMNS inahesabu seli za kazi. Tuseme lori la kwanza la Kampala lina tiki nne: hati, ushuru, bima na mizani. Nne kwa sita ni 0.6667. Bonyeza alama ya % juu ya ukurasa na utaona 67%; kwenye Sheets itakuja 66.67%, kwa hiyo punguza desimali mbili. Vuta fomula hadi chini na kila lori litapata yake. Umeona? Dakika mbili tu!

2. Tiki si moja, hata kama macho yanasema ni moja

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, na mpaka wetu unachangia. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi na Rais Kenyatta na Rais Museveni tarehe 24 Februari 2018, lori linalotoka Kenya halisimami mara mbili. Linavuka hadi upande wa Uganda, na huko maafisa wa nchi zote mbili wanalishughulikia mahali pamoja. Malaba utaratibu ni huo huo. Kwa hiyo tiki za mwisho mara nyingi zinapigwa na mwenzako aliye ng'ambo, kwa simu, kwenye faili mnalotumia pamoja.

Simu yake ina tiki zake. Wewe umeweka ✓, yeye anaweka ✔ nene au ile ya kijani, ✅. Macho yako yanaona tiki sita, lakini fomula inaona nne na kukupa 67%, kwa sababu kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti kabisa. Dalili ni hiyo: mstari umejaa na asilimia imegoma kupanda.

Unamkamataje mkorofi? Nenda kwenye seli yoyote tupu iliyo pembeni uandike:

```
=UNICODE(G2)
```

Ukipata 10003, hiyo ni ✓ yako. 10004 ni ✔. 9989 ni ile ya kijani. Ukipata 252, mtu ametumia fonti ya Wingdings, ambayo tiki yake ni herufi ü iliyovikwa sura nyingine. Ibandike kwenye WhatsApp uone inavyojifichua. Na ukipata 32, mtu ameanza na nafasi tupu kabla ya tiki. Dawa ni Ctrl+H: weka tiki ya kigeni juu, ✓ yako chini, kisha Replace All. Hesabu inajirekebisha papo hapo.

3. Funga mlango kabla tiki ngeni hazijarudi

Kusafisha kila jioni kunachosha, kwa hiyo usiruhusu mtu kuandika tiki kwa mkono. Chagua seli zote za kazi, ingia Data, kisha Data Validation. Kwenye Excel chagua List na uandike `✓,x`. Kwenye Sheets chagua Dropdown na uweke hizo mbili kama vitu vya kuchagua. Sasa mwenzako ng'ambo anagusa seli, anachagua, basi. Hiyo x usiishangae, kazi yake inakuja sasa hivi.

4. Lori tupu lisionewe

Fikiria lori linalorudi Mombasa likiwa halina kitu. Halina mzigo wa kutozwa ushuru, wala sili ya kukaguliwa. Kazi zake ni nne tu. Ukitumia fomula ya kwanza, tiki zote nne zikikamilika litasoma 67%, na litaendelea kusoma 67% hata likishapita Eldoret! Bosi atakuuliza mbona halijamaliza, na utakuwa huna la kusema.

Weka x kwenye Ushuru na Sili, maana yake "haimhusu huyu", kisha uziondoe kwenye kigawanyo:

```
=IFERROR(COUNTIF(C2:H2,"✓")/(COLUMNS(C2:H2)-COUNTIF(C2:H2,"x")),"")
```

Sita toa mbili ni nne. Tiki tatu zinakupa 75%, na nne zinakupa 100% ya halali. IFERROR ipo kwa ajili ya mstari uliojaa x tupu, ili usikutupie kosa la kugawa kwa sifuri. Hii ndiyo fomula ya kubaki nayo. Ile ya kwanza ifute bila huruma.

5. COUNTA? Hapana, asante

Inavutia kwa sababu ni fupi, lakini inahesabu seli yoyote yenye kitu. Mtu akiandika "kesho" chini ya Sili, COUNTA inahesabu kwamba sili imekwisha. Vile visanduku vya kutiki vya Sheets ndivyo vibaya zaidi nayo: kisanduku kisichotikiwa kina FALSE ndani yake, na FALSE nayo ni kitu, kwa hiyo kila lori linasoma 100% tangu asubuhi. Ukipenda visanduku, hesabu TRUE kwa COUNTIF. Mimi ninapendelea orodha ya ✓ na x, kwa sababu kisanduku hakina njia ya kusema "haimhusu".

6. Asilimia na jina la kilichobaki

Tiki tano kwa sita ni 83%, iwe kilichobaki ni sili au ni bima. Kwa mwenye mzigo anayesubiri Kampala, hayo ni mambo mawili tofauti: moja unampigia mwenzako ng'ambo, nyingine unamrudisha dereva kwa wakala wa bima. Kwa hiyo kwenye J2 mwambie Sheets ataje jina:

```
=ARRAYFORMULA(TEXTJOIN(", ",TRUE,IF(C2:H2="",$C$1:$H$1,"")))
```

Kwenye Excel ya Microsoft 365 ondoa ARRAYFORMULA na mabano yake. Alama za dola zinashikilia vichwa vya mstari wa kwanza visihame unapovuta fomula kwenda chini. Lori letu la kwanza sasa linasoma: 67%, Sili, Geti. Simu ikilia, soma hivyo hivyo.