Miezi 14 Nyumbani Mlalo: Usailini Unasemaje?

Dada yangu alimaliza shahada ya ualimu, akafundisha kwa mkataba mwaka mmoja, kisha akarudi kwetu Mlalo, Lushoto, kumuuguza baba. Alikaa tangu Januari 2023 hadi Februari 2024. Alipoitwa usaili na shule moja ya binafsi, aliniomba nijifanye mkuu wa shule ili afanye mazoezi. Nikamuuliza: "Hii miezi 14 ulikuwa wapi?"

Akaanza: "Kwa kweli siyo kwamba nilikuwa sina kazi, ni matatizo ya kifamilia tu, halafu na ajira zenyewe unazijua..." Aliongea karibu dakika mbili. Hakuna alichodanganya, ila mimi niliyeijua habari yote nilianza kuhisi kuna kitu anaficha.

Tatizo lilikuwa mpangilio. Alianza kwa kukana jambo ambalo sikumtuhumu, na lile neno "matatizo" likaacha mlango wazi: matatizo gani, na yameisha? Msaili ana hofu mbili tu hapo. Je, ulifukuzwa? Je, utaondoka tena? Jibu zima linatakiwa lizimalize hizo mbili.

Basi tukaandika sentensi tatu: sababu pamoja na tarehe, hali ya sasa, kisha kazi unayoiomba.

"Mkataba wangu uliisha Desemba 2022, nikarudi Lushoto kumuuguza baba hadi Februari 2024. Sasa amepona, na niko tayari kuanza muda wowote. Nikiwa kule niliwafundisha hisabati jioni watoto watano wa jirani, kwa hiyo sijaacha kufundisha."

Ni kama nusu dakika. Ugonjwa haukutajwa jina, maana hilo ni la baba. Na kama baba angekuwa bado anaumwa, sentensi ya pili ingebadilika: "Sasa kaka yangu ndiye anayekaa naye." Usiseme amepona kama hajapona.

Kwenye wasifu tuliweka mstari mmoja: "Januari 2023 – Februari 2024: kumuuguza mzazi, Lushoto." Kule alikuwa pia anasaidia shamba la kabichi. Rafiki yake akamshauri aandike "Mkurugenzi, kampuni ya mbogamboga". Tulikataa. Msaili akipiga simu kwa mdhamini, au akiuliza tu kampuni ilisajiliwa lini, pengo lisilo na ubaya linageuka uongo.

Kilichomshinda zaidi ni kunyamaza. Akimaliza sentensi ya tatu, mimi nakaa kimya namtazama, naye anaongeza: "Lakini siyo kwamba..." Tulirudia mara sita mpaka akaweza kufunga mdomo na kusubiri swali linalofuata.

Ukitaka kujipima, jirekodi kwa simu. Kila penye "siyo kwamba", "kwa kweli" au "unajua hali ilivyo", hapo unajitetea. Kata, halafu sikiliza tena kama jibu limepungukiwa kitu. La dada halikupungukiwa.