Mnepo wa Boriti ya Gereji: Mafunzo Niliyopata Korogwe na Handeni

Gereji moja ya Korogwe iliweka boriti ya chuma ya IPE 200 ya kutundikia winchi ya mnyororo, ili mafundi wanyanyue injini za malori. Boriti ina urefu wa mita 6 na imelala juu ya kuta mbili, haikufungwa. Winchi haikai katikati, kwa sababu lango la lori liko upande mmoja tu: mzigo unaning'inia mita 4 kutoka ukuta wa kushoto na mita 2 kutoka wa kulia. Niliombwa kukadiria boriti itanepa kiasi gani ikibeba tani moja, yaani takriban kilonewtoni 10. Nilitumia mbinu ya eneo la momenti, ambayo asili yake ni kazi ya mhandisi Mjerumani Otto Mohr katika karne ya 19.

1. Mchoro wa momenti ndio hesabu yenyewe.
Ukuta wa kushoto unabeba kilonewtoni 3.33 na wa kulia 6.67. Kwa hiyo momenti inapanda kutoka sifuri ukutani hadi 13.33 kNm chini ya winchi, kisha inashuka hadi sifuri. Ni pembetatu iliyoegemea kulia. Igawe mahali pa mzigo, upate pembetatu mbili za mraba zenye maeneo 26.67 na 13.33. Mbinu yote inasimama juu ya mambo mawili. Eneo kati ya nukta mbili, likigawanywa kwa ugumu EI, ni badiliko la mwinamo wa boriti kati ya nukta hizo. Eneo hilohilo likizidishwa kwa umbali kutoka kitovu chake hadi nukta moja, kisha likagawanywa kwa EI, linaonyesha nukta hiyo imeachana kiasi gani na tanjenti iliyochorwa kwenye nukta ya pili.

2. Kuachana na tanjenti si mnepo.
Hapa ndipo wanafunzi wengi wa ufundi hukwama. Chora tanjenti kwenye ncha ya kushoto, uirefushe mpaka juu ya ukuta wa kulia. Tanjenti inateremka, lakini ncha ya kulia haikushuka, imekaa ukutani. Pengo kati yao ni 26.67 × 3.33 + 13.33 × 1.33, yaani 106.67 gawanya kwa EI. Ligawe kwa mita 6, upate mwinamo wa kushoto: 17.78/EI. Sasa njoo chini ya winchi. Tanjenti imeshuka 17.78 × 4 = 71.11, lakini boriti imejikunja juu ya tanjenti hiyo kwa 26.67 × 1.33 = 35.56. Mnepo ni tofauti yake, 35.56/EI. Kwa chuma hiki EI ni kama 3,890 kNm², hivyo mnepo ni milimita 9.1.

3. Boriti hainepi zaidi pale ilipobebeshwa.
Mnepo mkubwa uko pale mwinamo unapokuwa sifuri, yaani pale eneo la mchoro kutoka kushoto linapofikia 17.78. Momenti inaongezeka 3.33 kwa kila mita, kwa hiyo 3.33x²/2 = 17.78, na x ni mita 3.27. Hapo mnepo ni karibu milimita 10. Tazama: winchi iko mita 4, lakini tumbo la boriti liko hatua fupi tu kutoka katikati. Hata ukisogeza mzigo mpaka karibu kabisa na ukuta wa kulia, mahali hapo hapavuki mita 3.46. Ndiyo maana mnepo wa katikati, 38.33/EI, unatofautiana na ule mkubwa kwa asilimia moja tu. Kwa kazi ya gereji, pima katikati na utosheke.

4. Vuta uzi kabla ya mzigo na baada yake.
Boriti hunepa kwa uzito wake pia, na chuma kingine hutoka kiwandani kimepinda, kwa hiyo kinachotakiwa ni tofauti ya vipimo viwili. Uzi ufungwe kwenye boriti yenyewe, juu ya kuta, usifungwe kwenye nguzo za pembeni. Tofali likibonyea chini ya ncha, boriti nzima hushuka, na ukipimia nguzoni utadhani ni mnepo. Ukiwa umepimia nguzoni na kipimo kikizidi hesabu sana, kagua matofali kwanza. Kipimo kikipungua, huenda ncha zimeshikwa na zege, na hapo hesabu hii ya ncha huru haifai tena.

5. Mbao hainepi mara moja ikaisha.
Kwenye ghala la mahindi huko Handeni, nguzo ya paa ilikanyaga katikati kabisa ya boriti ya mbao ya mita 4, milimita 75 kwa 200, ikiibebesha kilonewtoni 3. Hapo kazi ni nyepesi: tanjenti ya katikati imelala mlalo, hivyo pengo la ncha ndilo mnepo wenyewe. Nusu ya mchoro ina eneo 3, kitovu kiko mita 1.33 kutoka ncha, jumla 4/EI. Nikichukua EI ya 500 kNm², napata milimita 8. Lakini hiyo ni ya siku ya kwanza. Mbao iliyobebeshwa mfululizo huendelea kunepa taratibu, hasa ikipandishwa mbichi, na nyongeza inaweza kufika nusu ya mnepo wa awali au zaidi. Kwa nguzo isiyoondoka, mimi huzidisha jibu kwa 2 kabla ya kuchagua upana wa mbao.