Mvua ya Mawe Ikishapiga Sola: Mafunzo Matano Niliyopata Paani

Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Huko ndiko nimefunga na kukarabati sola tangu ujanani, na mara nyingi nimeitwa baada ya dhoruba kuandika ripoti ya bima. Kazi moja ilinifunza kuliko zote: shule ya bweni iliyopigwa na mvua ya mawe, yenye paneli 20 za wati 400, zilizofungwa kwa safu mbili za paneli kumi kumi. Mafunzo haya ni kwa ajili yako unayemiliki mtambo, au unayejiandaa kuufunga.

1. Hakikisha bima inaijua sola yako, na kwa thamani yake kamili

Mwalimu mkuu aliniambia kwa utulivu kwamba jengo lina bima. Tulipofungua hati pamoja, tukaona bahati njema: sola iliongezwa humo mwaka uliofuata ufungaji. Shule nyingine nilizohudumia hazikuwa na bahati hiyo, kwa sababu bima yao ilikatwa kabla ya sola na hakuna aliyeiarifu kampuni.

Kilichonishangaza ni thamani iliyoandikwa. Mtambo ulikatiwa bima ya shilingi 800,000, ilhali kuufunga upya, pamoja na fremu, nyaya, usafiri na kazi, kungegharimu 1,000,000. Maana yake shule ilijikatia asilimia 80 tu ya bima. Hasara ilipofika shilingi 250,000, kampuni ilihesabu asilimia 80 yake, yaani 200,000. Kisha ikatoa asilimia 10 ambayo hati ilisema mwenye mali ataibeba mwenyewe. Zikabaki 180,000. Watu wengi huamini kwamba hasara ikiwa ndogo kuliko bima watalipwa yote, lakini kipengele hiki cha uwiano hukata hata hasara ndogo. Kila mwaka unapolipia bima, uliza bei ya kufunga upya leo, kisha urekebishe thamani.

2. Kioo kizima hakithibitishi kwamba paneli ni nzima

Paneli sita zilikuwa zimepasuka kioo, na hizo hazikuwa na ubishi. Kumi na nne zilionekana safi. Mhasibu wa shule alitaka tudai sita tu tumalize.

Kipimo cha kimataifa cha IEC 61215 hujaribu paneli kwa tufe la barafu la kipenyo cha milimita 25, linalorushwa kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde. Jiwe kubwa kuliko hilo limevuka kiwango cha kawaida cha jaribio. Hata kioo kikistahimili, seli za silikoni zilizo chini yake ni nyembamba mno na zinaweza kupata nyufa zisizoonekana kwa macho.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotoshwa na mita. Ukipima volti za paneli isiyobeba mzigo, utapata karibu zile zile za zamani, kwa kuwa nyufa hupunguza zaidi mkondo na nguvu kuliko volti. Ukiandika volti pekee, umeandika kwamba paneli ni nzima. Tulipima mtambo ukiwa na mzigo, jua likiwa kali, tukipitisha kamera ya joto. Paneli nne zenye kioo kizima zilionyesha seli zilizopata joto kuliko jirani zake. Mtathmini wa bima aliziona kwa macho yake kwenye kamera, na dai likawa la paneli kumi. Ikiwa kuna fundi mwenye kamera ya usiku, inayopiga picha paneli zikiwa zimepitishiwa umeme, nyufa zenyewe huonekana waziwazi.

3. Picha ijibu swali: kitu gani, lini, na kwa sababu gani?

Mlinzi wa shule alikuwa amepiga picha ya mawe ya barafu kando ya rula kabla hayajayeyuka. Picha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko kurasa zangu zote, kwa sababu mtathmini hutafuta chanzo cha uharibifu. Kioo huweza kupasuliwa na jiwe la mtoto au na fremu iliyokazwa vibaya.

Anza na picha ya paa zima, kisha safu, kisha kila paneli, kisha namba yake iliyo kwenye lebo ya nyuma. Namba hiyo ndiyo inayoiunganisha paneli na risiti ya ununuzi, kwa hiyo iorodheshe siku ya ufungaji, maana kuifikia baadaye ni shida. Piga pia majani ya chai yaliyochanika na mabati yaliyobonyea jirani. Hifadhi picha asilia kwenye simu, kwani zinapotumwa kama picha kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za tarehe. Pakua grafu ya uzalishaji kutoka kwenye inveta, ikionyesha siku kabla na siku baada ya dhoruba. Omba pia taarifa ya mvua ya siku hiyo kutoka Idara ya Hali ya Hewa.

4. Zuia hasara isikue, lakini usifute ushahidi

Hati nyingi za bima humtaka mwenye mali azuie uharibifu kuendelea, na papo hapo aache vitu vikaguliwe. Mambo haya mawili hayagongani. Arifu kampuni kwa maandishi mara moja, zima swichi ya umeme wa paneli, weka watu mbali, kisha piga picha. Paneli iliyopasuka bado inatoa umeme mchana, na maji yakiingia umeme huo unaweza kupita kwenye fremu. Zilizoondolewa kwa usalama zihifadhiwe hadi mtathmini aseme ameziona.

Kwenye mafuriko, kosa baya nililoona ni kuwasha inveta iliyozama ili kuona kama bado inafanya kazi. Tope lililobaki ndani huleta shoti, kisha kampuni huuliza kama kilichoiunguza ni maji au ni aliyeiwasha. Piga picha ya alama ya maji ukutani kando ya inveta na betri kabla ya kuosha chochote. Soma pia kama hati yako inataja mafuriko, kwa kuwa kufidiwa dhoruba si lazima kujumuishe mto uliofurika.

5. Eleza bei, na usome kabla ya kutia sahihi

Paneli za aina ile hazikuuzwa tena. Mtathmini aliniuliza, “Fundi, kwa nini usiweke zozote za wati 400?” Nilimweleza kwamba zilizofungwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, hivyo iliyo dhaifu huzirudisha nyuma nyingine. Tukapanga nzima kumi ziwe safu moja, na mpya kumi safu ya pili. Maelezo hayo niliyaandika kwenye makadirio, nikatenganisha bei ya paneli, kazi, usafiri na upimaji. Makadirio ya fundi mwenye leseni ya EPRA huaminika zaidi kuliko bei moja ya jumla isiyofafanuliwa.

Mwishoni huja hati ya kukubali malipo, ambayo kwa kawaida husema dai limefungwa kabisa. Mwalimu mkuu alitaka kuisaini siku hiyo hiyo. Tulisubiri hadi paneli kumi zilizobaki zipimwe tena zikiwa na mzigo, kwa sababu ufa utakaogunduliwa baada ya sahihi ni gharama ya shule.