Mfumo Ukizima Ghafla, Je, Ni Kweli "Humalizia" Kutuma Pesa Yako?

Umetuma pesa, halafu seva inazima kabla meseji haijaingia. Pengine umewahi kuambiwa hivi: "Usijali, mfumo huandika kila kitu kwenye daftari kwanza. Ukiwaka tena, unasoma daftari na kumalizia ulichoanza." Je, maelezo haya ni sahihi? Nusu ya kwanza ndiyo. Nusu ya pili ina kasoro.

Tuchukue mfano. Wanjiku ana sh. 2,000 na Otieno ana sh. 300. Wanjiku anamtumia Otieno sh. 500. Kabla salio la yeyote halijabadilishwa kwenye diski, daftari huandikwa kwanza, kwa mfano hivi:

```
BEGIN T1
T1 Wanjiku 2000 -> 1500
T1 Otieno  300 -> 800
COMMIT T1
```

Kila badiliko lina salio la zamani na salio jipya. Lakini mstari unaoamua mambo ni ule wa mwisho, COMMIT.

Tuseme stima imepotea baada ya mstari wa Wanjiku. Huenda salio lake kwenye diski tayari linasoma 1,500. Mfumo ukiwaka haumalizii chochote. Unaona T1 haina COMMIT, kwa hivyo unamrudishia Wanjiku 2,000 yake. Na ungemaliziaje, ilhali mstari wa Otieno haukuwahi kuandikwa?

Sasa tuseme stima imepotea baada ya COMMIT kufika kwenye diski, lakini salio jipya bado halijafika huko. Hapa ndipo mfumo hurudia kazi: Wanjiku 1,500, Otieno 800. Hata ukirudia mara mbili hakuna shida, kwa sababu daftari letu linasema "weka 800", halisemi "ongeza 500".

Kuna jambo lingine ambalo maelezo yale yameruka. "Kuandika" hapa maana yake ni kufika kwenye diski yenyewe. Kilicho kwenye memori tu hupotea stima ikienda. Ndiyo maana mfumo unafaa kusubiri diski ithibitishe kuwa COMMIT imehifadhiwa, kisha ndiyo ukuambie "imethibitishwa". Ukijibu kabla ya hapo, unaweza kupata meseji ya muamala ambao mfumo wenyewe hauukumbuki.

Kwa hivyo maelezo sahihi ni haya: chenye COMMIT kwenye diski hubaki, kisicho nayo hufutwa. Hakuna pesa inayobaki katikati.

Lakini daftari halijui kama wewe umepata meseji. Seva ikizima baada ya COMMIT na kabla ya meseji kutoka, pesa imeshaenda na simu yako iko kimya. Ukituma tena, daftari halitaona marudio. Litaona T2, muamala mpya kabisa, na Otieno atapata sh. 1,000. Angalia salio au taarifa yako kwanza, halafu ndiyo uamue kama utatuma tena.