Kweli Isiyo na Ushahidi

Niliuliza habari za Mto Ruzizi. Mfumo ulileta kifungu kimoja: «Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika.» Ukajibu: «Ruzizi hutoka Kivu, huingia Tanganyika, kisha maji ya Tanganyika hutokea Mto Lukuga.»

Nilikata jibu katika madai matatu, nikatafuta maneno ya kifungu yanayobeba kila dai. Mawili yanayo. La tatu ni kweli, lakini kifungu hakitaji Lukuga. Kwa hiyo halina ushahidi.

Hapo ndipo mjuzi hukosea: elimu yake huziba pengo asilolitazama. Basi, kando ya kila dai andika maneno ya kifungu. Dai lisilo nayo lihesabiwe kuwa halina msingi, hata likiwa kweli.