Dua ya Alfajiri kwa Vina: Jinsi ya Kuitungia Familia Yako

Familia nyingi za Kiislamu huketi pamoja kidogo baada ya swala ya Alfajiri, kabla ya kila mtu kushika njia yake. Haya ni maswali ya wanaotaka kuitungia nyumba yao dua ya wakati huo, pamoja na majibu yangu.

Nitumie bahari gani ya ushairi?

Tumia utenzi. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana kina. Wa nne hubeba kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa dua. Mshororo mfupi hutamkika kwa pumzi moja, na kina cha mwisho kinachorudi humsaidia mtoto kukumbuka. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alitumia umbo hili hili, na ndani yake aliwaombea watoto na jamaa zake.

Nianze na ombi gani?

Usianze na ombi. Katika hadithi aliyoipokea Fadhala bin Ubaid, Mtume (S.A.W.) alimsikia mtu akiomba bila kumtukuza Mungu wala kumswalia Mtume, akasema mtu huyo ameharakisha. Basi ubeti wa kwanza uwe wa sifa, shukrani na swala kwa Mtume. Kisha ombeni ulinzi, kisha riziki, mkamalizie kwa kuomba kupokelewa.

Tupe mfano.

Huu nimeutunga kwa ajili ya makala haya. Kina cha kudumu ni *-ni*:

Ewe Mola wa rehema,
kumekucha tu wazima,
mswalie Tumwa mwema,
twakushukuru Manani.

Utulinde na hatari,
na hasidi mwenye shari,
kila aliye safari
arejee kwa amani.

Tupe riziki halali,
karibu isiwe mbali,
mkate, samaki, wali,
visipungue jikoni.

Ya Rabi tupokelee,
dua utuitikie,
na watoto uwalee,
sote tuseme amini.

Mizani huharibika wapi?

Hapo mwanzo, mshororo wa tatu wa ubeti wa pili ulikuwa "baba aendapo safari". Hesabu: ba-ba-a-e-nda-po-sa-fa-ri. Ni tisa. Sikutaka kulikata neno ili litoshe, kwa hiyo nilirudi kwenye maana. Nani husafiri katika familia? Si baba peke yake. "Kila aliye safari" ina mizani nane, na inamkumbatia pia mama anayekwenda sokoni na mtoto anayekwenda shule. Zingatia kuwa *nda* ni mizani moja, lakini *m* ya "mkate" na ya "mswalie" huhesabiwa peke yake. Piga makofi kwa kila silabi huku ukisoma kwa sauti, kosa utalisikia.

Tuombe riziki kwa jumla, au tutaje vitu?

Fanyeni yote mawili. Neno "halali" litangulie, kwa sababu ndilo linaloweka masharti ya chumo. Kisha taja vinavyoliwa nyumbani kwenu: kama ni ugali na maharage, tunga upya mshororo wa tatu. Kumbuka pia kwamba Mtume aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao za mapema. Ombi la riziki huenda pamoja na kutoka kwenda kuitafuta.

Je, vina si vibaya katika dua?

Swali hili lina uzito. Katika Sahihi ya Bukhari, Ibn Abbas anaonya dhidi ya kutafuta vina katika dua, kwa kuwa Mtume na masahaba hawakuwa wakifanya hivyo. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa kinachochukiwa ni vina vya kujilazimisha, vinavyomshughulisha mwombaji na maneno hata moyo ukasahau anayeombwa. Kwa hiyo tunga mapema, kwa utulivu, ili wakati wa kuomba usiwe unatafuta kina. Isomeni baada ya swala, si ndani yake, na wala isizisukume pembeni dua zilizopokewa kutoka kwa Mtume.

Nitajuaje kwamba kina kimenitawala?

Uliza kila mshororo: ningeliomba hili kama kusingekuwa na kina? Ukiona umeomba dhahabu kwa sababu tu ina kina kimoja na thawabu, au umemlaani jirani kwa sababu neno "balaa" limefaa mwishoni, futa. Afadhali beti nne za kweli kuliko ishirini zilizojazwa.

Basi wakae wote wa nyumbani, kila mmoja ataje jambo moja analohitaji kweli. Andikeni hayo kwanza, kisha ndipo mtafute vina.